Umeingia, Lakini Uko Tayari? Kwa Nini Simu ya Kazi Haikufikii



Mwezi huu tunaongea juu ya jambo ambalo limezusha maneno mengi mitaani kwetu. Kuna wenzetu, hasa akina mama na vijana waliomaliza sekondari, waliopata kazi ya ukalimani kwa njia ya simu. Kazi yenyewe iko hivi. Daktari wa Marekani ana mgonjwa Mkongomani asiyejua Kiingereza. Daktari anapiga simu kwenye kampuni ya ukalimani, kampuni inatafuta mtu anayejua lugha zote mbili, na huyo mtu anaweza kuwa ameketi hapa hapa kambini na simu yake ya tachi na hedfoni masikioni. Analipwa kwa dakika alizozungumza. Jioni ambayo hakuzungumza, halipwi kitu.

Sasa malalamiko tunayoyasikia kila siku ni haya: "Mimi nimeingia, nakaa wiki nzima, simu hailii. Hao watu wanachagua." Wengine wamefika mbali zaidi, wanasema eti jina la mkimbizi likionekana linarukwa. Na pale panapokuwa na maneno ya namna hiyo hapakosi mjanja: tumesikia kuna mtu anayezunguka akidai pesa ili "awafungulie watu laini ya kazi." Mtu huyo hana laini yoyote ya kufungua, na mtaona chini kwa nini.

Tuliketi na wakalimani kadhaa jioni tatu, tukawa tunatazama skrini zao wakiwa kazini. Kwa wengi wao sababu ya ukimya ilikuwa neno moja dogo lililoandikwa juu ya skrini, ambalo hawakuwa na desturi ya kulisoma.

Kuingia ni kitu kimoja

Fikirieni siku ya mgao. Unafika getini, unaonyesha kadi yako, mlinzi anakuruhusu kuingia ndani ya uzio. Sawa, umeingia. Lakini ukienda kukaa chini ya mti na kupiga hadithi na majirani, hakuna atakayekuletea mahindi pale ulipo. Ni lazima uende ukasimame kwenye foleni.

Mfumo wa kazi ya simu uko vilevile. Kuandika jina na neno la siri ni kuonyesha kadi getini. Mfumo umejua wewe ni nani, basi. Haujajua kama unataka kazi saa hii. Huenda umeingia ili usome ujumbe wa msimamizi, au ubadilishe neno la siri, au uangalie dakika zako za mwezi uliopita. Kwa hiyo mifumo mingi ya aina hii, ukishaingia tu, inakuweka kwanza kwenye hali ya kutokuwepo kazini. Kwenye skrini panaandikwa Offline. Ili usimame kwenye foleni ni lazima wewe mwenyewe ubonyeze pale palipoandikwa Offline, orodha ifunguke, uchague Available. Hilo neno maana yake ni kwamba uko tayari, kazi ikija ije kwako.

Mbona kompyuta isijue yenyewe? Kwa sababu haikuoni. Haijui kama umeshika simu mkononi au umeiacha kitandani ukaenda bombani. Inachojua ni lile neno tu.

Tazameni sasa kinachotokea daktari anapopiga. Kompyuta ya kampuni, iliyoko mbali kabisa, inajiuliza maswali kwa kasi kuliko mtu anavyopepesa macho. Nani ameingia? Kati ya hao, nani yuko Available? Kati ya hao, nani ameandikishwa kwa lugha inayotakiwa? Nani hayuko kwenye simu nyingine? Wakibaki wawili watatu, kwa kawaida simu inakwenda kwa yule aliyekaa bila kazi muda mrefu zaidi. Aliyekuwa Offline hakufika hata kwenye swali la tatu. Kwa hiyo anayesema amerukwa tunamwelewa, ila tunamwambia ukweli: kuruka mtu ni lazima kwanza umwone. Wewe hukuonekana.

Ndiyo maana yule mjanja wa kuzunguka hana anachouza. Kitufe cha Available kiko kwenye skrini yako wewe, na hakiuzwi.

Mama mmoja na jioni zake tano

Tueleze habari ya mama mmoja, kwa ruhusa yake, ingawa hakupenda jina lake liandikwe. Anajua Kiswahili cha Kongo na Kiingereza, watoto wanne, mkubwa anadaiwa karo. Alipita mtihani wa kampuni, akapewa jina la kuingilia, akaambiwa zamu yake inaanza saa 10 jioni. Saa hiyo haikuchaguliwa ovyo. Kuanzia Machi mpaka mwanzoni mwa Novemba, saa 10 jioni kwetu Afrika Mashariki ni saa 3 asubuhi kule New York, maofisi na hospitali ndiyo yanafungua milango. Miezi iliyobaki wao hurudisha saa zao nyuma, na hiyo saa 3 yao ya asubuhi inakuwa saa 11 jioni kwetu. Anayekaa Available saa 6 mchana anawangojea watu waliolala.

Jumatatu aliingia saa 10 kamili. Akakaa mpaka saa 4 usiku. Hakuna simu. Jumanne vilevile. Hizo jioni mbili zote alikuwa Offline. Aliona jina lake limeandikwa juu ya skrini akajua mambo yameshakuwa sawa.

Jumatano binti wa jirani, ambaye alishafanya kazi hiyo, alimwonyesha pa kubonyeza. Neno likawa Available na saa ndogo ya pembeni yake ikaanza kuhesabu upya. Saa 11 na dakika 2 simu ikalia: mama mjamzito na nesi, miadi ya kliniki, dakika 14. Alifurahi sana. Akaweka simu pembeni akingojea nyingine. Mpaka usiku haikuja.

Kilichotokea ni kwamba mazungumzo yakiisha mfumo haukurudishi kwenye foleni papo hapo. Unakupa nafasi ya kumalizia kazi, kuandika mambo mawili matatu juu ya simu ile. Hali hiyo kwenye skrini huitwa After call work. Kwenye baadhi ya makampuni muda huo unapangwa, labda nusu dakika, kisha unarudishwa Available bila kugusa kitu. Kwenye mengine haupangwi, unakaa humo mpaka wewe mwenyewe ubonyeze kufunga simu ile, na kitufe chenyewe huandikwa Close contact au maneno yanayofanana nayo. Mama yetu hakubonyeza. Kwa saa 5 kompyuta iliamini bado anaandika.

Alhamisi ilikuwa siku ya maumivu zaidi, na hapa tunaomba mtulie kidogo kwa sababu ndipo wengi wanapopotelea.

Alikuwa Available tangu saa 10. Saa 1 na dakika 10 usiku aliinuka kusonga ugali, simu akaiacha mezani, hedfoni zimechomekwa. Simu ya kazi ikaja. Mlio ulitoka ndani ya hedfoni, nani angesikia? Ikalia, ikanyamaza. Aliporudi baada ya dakika tano aliona kila kitu kimetulia, akakaa tena kungoja. Akangoja saa 3.

Mfumo ukikupa simu haukupi milele. Unakuwekea muda mfupi wa kupokea. Kwenye Amazon Connect, mfumo mmoja unaotumiwa na makampuni mengi ya kupokea simu, muda huo kwa simu za sauti ni sekunde 20. Sekunde 20 ni kama kuhesabu moja mpaka ishirini taratibu. Zikipita, simu inarudishwa kwenye foleni ili apewe mwingine, na kwako panaandikwa Missed, yaani imekupita. Kuanzia hapo huhesabiwi kuwa tayari, hata kama hukugusa kitu. Hupati nyingine mpaka uifute ile iliyokupita na uhakikishe neno Available limerudi.

Wengine wanaona huo ni ukatili. Sisi baada ya kuelezwa tuliona una sababu yake. Yule daktari yuko kwenye mstari anasikiliza muziki wa kungojea, mgonjwa yuko mbele yake. Kama kompyuta ingeendelea kumpa simu mtu aliyeko jikoni, kila mara sekunde 20 zingepotea, tena na tena, na mgonjwa angengoja mpaka achoke. Kompyuta inaona mtu hakujibu, inafikiri hayupo, inamtoa foleni. Kosa lake ni moja tu, kwamba inakutoa kimyakimya. Hakuna mtu anayekuja kubisha hodi akwambie umetolewa.

Ijumaa mama huyo alikuja na daftari la shule la mwanawe. Tulimshauri aandike mambo mawili tu: saa, na neno lililo juu ya skrini. Kila baada ya dakika 15 atazame na aandike. Jioni hiyo daftari lilionyesha Available saa 10, saa 10 na robo, saa 10 na nusu, halafu simu ya kwanza saa 10 na dakika 41. Baada ya simu akafunga, akatazama, akaandika: Available. Kufikia saa 4 usiku alikuwa amepokea simu nne. Si nyingi, kuna waliozoea wanaopata zaidi, lakini ni nne dhidi ya sifuri.

Maneno hayafanani kila mahali

Msishike neno Available kama kasuku. Kila mfumo una msamiati wake, na kuna mmoja una mtego kabisa. Kwenye Genesys Cloud, Available maana yake ni kwamba wenzako wa kazini wanaweza kukupata. Simu za wateja haziji kwa neno hilo. Ili zije ni lazima uwashe swichi ya On Queue, yaani uko foleni. Mtu aliyetoka kampuni nyingine akaingia kwenye hiyo anaweza kukaa Available wiki nzima kwa roho safi na asipate hata moja. Na ukikosa kupokea huko, neno linakuwa Not Responding, na ni juu yako kujirudisha.

Vijana wetu wa bodaboda wanaobeba abiria kwa programu ya simu wanalijua jambo hili kuliko sisi wa karatasi. Wao kufungua programu tu hakuleti abiria, ni lazima wajiweke mtandaoni kwanza.

Kwa hiyo siku ya kwanza ya kazi, muulize msimamizi wako swali moja kwa maneno haya: "Ni neno gani linatakiwa lionekane kwenye skrini yangu ndipo simu zinifikie?" Liandike hilo neno kwenye karatasi, libandike ukutani. Na kama neno ni sahihi, saa ni sahihi, na bado siku tatu zinapita kimya, hapo sasa muulize ameandikisha lugha zipi kwa jina lako. Tulikuta kijana aliyepimwa kwa Kiswahili na Kinyarwanda, lakini kwenye mfumo aliwekewa Kinyarwanda peke yake. Simu zote za Kiswahili zilikuwa zinapita kichwani kwake. Hilo yeye hawezi kulirekebisha kwenye skrini yake, ni kazi ya msimamizi.

Bando, chaji na programu inayolala

Kuna wanaozima data wakati wa kungoja ili kuokoa bando, wakifikiri simu ya kazi itakuja kama simu ya kawaida. Haiji hivyo. Inapita kwenye intaneti. Ukizima data umetoka nje ya uzio, achilia mbali foleni.

Na hofu yenyewe ni kubwa kuliko gharama. Kungoja hakuli bando kwa wingi, kinachokula ni mazungumzo. Tukichukua mstari wa sauti unaotumia kilobiti 100 kwa sekunde, saa nzima ya kuzungumza inakula MB 45 hivi. Zile dakika 14 za mama yetu ni kama MB 10 na nusu. Kila mtu apige hesabu yake kwa bei ya bando anayonunua.

Kinachosumbua zaidi ni simu yenyewe kulala. Simu nyingi za Android, ili zitunze chaji, huifunga programu isiyoguswa kwa muda. Skrini imezimika, wewe unaona umekaa kazini, kumbe programu imekatwa kwenye mtandao zamani. Nenda kwenye mipangilio ya betri, tafuta programu ya kazi, iruhusu kufanya kazi bila kuzuiwa. Kama unafanyia kazi kwenye kompyuta ya kituo, fungua ukurasa wa kazi mara moja tu, usiufungue kwenye madirisha mawili, na usikatae kompyuta inapoomba ruhusa ya kutumia maikrofoni. Ukikataa, simu inaweza kuja na ukashindwa kuipokea, na hesabu yake ni ileile ya Missed.

Mtandao ukikatika hata kidogo, ukirudi, jambo la kwanza ni kutazama neno. Usilidhanie.

Nyumbani

Tunaandikia familia, kwa hiyo tuseme na la nyumbani. Mwenye hali ya Available ameahidi kupokea ndani ya hizo sekunde chache. Hawezi kuwa Available na huku anaogesha mtoto. Mifumo hii ina neno la mapumziko, mara nyingi Break, au kampuni imeweka lake. Litumieni bila aibu. Dakika 10 za mapumziko zilizoandikwa wazi ni bora kuliko simu moja iliyokosekana, kwa sababu makampuni mengi huhesabu simu zilizokosekana, na msimamizi huzisoma kabla ya kupanga zamu za wiki inayofuata.

Familia moja tuliyoitembelea ina utaratibu tulioupenda. Mama akiwa tayari kwa kazi anatundika kitenge chekundu mlangoni. Watoto wanajua kitenge kikiwa pale hakuna kuingia, hakuna kuita, na ugali anausonga dada mkubwa au baba. Kitenge kikishuka, mama ni wa wote. Baba mwenye nyumba alitwambia kwa kucheka kwamba siku za mwanzo aliona kama amewekewa sheria nyumbani kwake, lakini karo ilipolipwa alinunua kitenge cha pili. Pia kuna sababu ya siri: yanayosemwa baina ya daktari na mgonjwa hayatakiwi kusikika na jirani wala mtoto. Ukiwa mahali pa watu wengi usijiweke Available kabisa, hata kama mtandao wa pale ndio mzuri.

Mwisho wa zamu nao una utaratibu wake. Wengi wanafunga ukurasa tu na kwenda kulala. Kwenye Amazon Connect, ukifunga dirisha ukiwa bado Available, kompyuta inaweza kuendelea kukuhesabu kuwa upo na kukutumia simu usiku mtu hayupo. Asubuhi unakuta simu iliyokupita na hujui imetoka wapi. Kwa hiyo bonyeza neno, chagua Offline, subiri uone limebadilika kweli, ndipo utoke kwa Log out, ndipo uzime simu na kuiweka kwenye chaji ya sola ya kesho.